Kadi 23 mezani na sijui nani ni nani

"Habari mtaalamu. Natengeneza siagi ya karanga hapa Dar, nina miaka 31. Wiki iliyopita nilienda hafla ya netiwekingi ya wajasiriamali, nikagawa bizinesi kadi zangu kama 50 na nikarudi na 23 za watu. Asubuhi nazimwaga mezani, hata sura moja hainijii. Kuna mama nilimpa shikamoo akabadilika uso. Na juzi benki dada mmoja kaniita jina langu kabisa, mi nikabaki na 'eeh mambo mkuu'. Nakosea wapi?"

Pole dadangu, ila hilo la "mkuu" umenichekesha maana ndo ugonjwa wenyewe. Mi kazi yangu miaka yote ni protokali, yaani nakaa mlangoni kwenye mikutano ya biashara, nasajili wageni, nagawa beji, nakutanisha huyu na yule, na kitu nilichokiona ni kwamba Kiswahili chetu kinaturuhusu kuongea na mtu nusu saa nzima bila kumtaja jina hata mara moja. Habari za leo, nzuri, za kazi, salama, za nyumbani, wazima, mvua vipi huko kwenu, aisee imenyesha, alafu "mkuu", "bosi", "kiongozi", "mama", "dada yangu", na mtu anaondoka ameridhika kabisa kuwa mmefahamiana. Jina lilitajwa mara moja tu, sekunde ya nne, katikati ya salamu, muziki unapiga, na wewe ulikuwa unajiandaa kusema lako.

Hapo kwenye kujiandaa ndo jina linapopotelea. Mwaka 1973 kuna mtafiti anaitwa Malcolm Brenner aliwapa watu kazi ya kusoma maneno kwa sauti kwa zamu, huyu akimaliza anasoma wa pili yake, alafu akawauliza wanakumbuka maneno gani ya wenzao. Yaliyopotea zaidi ni yale yaliyosomwa sekunde chache tu kabla ya zamu ya mtu mwenyewe. Sikio lipo, ila akili imeshahamia kwenye "zamu yangu inakuja". Sasa netiwekingi yote ndo mchezo huo huo, mwenzio anasema "naitwa nani sijui" na wewe kichwani unapanga "naitwa fulani, natengeneza siagi ya karanga, tunapatikana Mbezi". Kwahiyo sio kwamba umesahau jina. Halikuingia kabisa, na kitu ambacho hakijaingia hata uoteshwe usiku huwezi kukikumbuka.

Dawa yake ni kuwa sentensi yako uimalize nyumbani. Iwe fupi, sekunde tano sita, uiseme mpaka iwe inatoka yenyewe kama unavyotaja namba yako ya simu, ili ukiwa pale usiwe na kitu cha kupanga. Alafu pale mbele ya mtu acha yeye aanze. Ukisalimia wewe kwanza, usijitambulishe hapo hapo, msubiri. Watu wengi wanakimbilia kusema lao wamalize, wewe ukiwa wa pili unakuwa huna deni la kusema chochote wakati mwenzio anasema jina.

Tuje kwenye shikamoo maana hiyo inawaumiza wengi na hakuna anayeisema wazi. Mtaani shikamoo ni heshima na hakuna mjadala. Ukumbini inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inampa mtu heshima na inampa pia umri. Mama wa miaka 45 aliyevaa suti yake vizuri, kaja kutafuta wasambazaji, wewe wa miaka 31 unamwamkia shikamoo mbele ya vijana wawili aliokuwa anaongea nao, umemzeesha pale pale. Na wewe mwenyewe umejishusha kuwa mtoto wake, sasa dakika mbili mbele unataka mkae muongee bei ya katoni kama wafanyabiashara wawili, inakuwa ngumu kidogo. Upande mwingine ukimwona mzee wa miaka 70 kwenye kaunda suti yake ukamrukia na "mambo vipi", hapo ndo umefunga mlango na ufunguo umeutupa.

Mi nawaambia watu hivi. Kama mtu anaonekana rika la wazazi wako au zaidi, toa shikamoo bila kufikiria, na akishaitikia "marahaba, hujambo" jibu "sijambo mzee" alafu sema sentensi yako hapo hapo na sauti ya kazi, usiachie kimya kirefu maana kimya ndo kinakubakisha kwenye utoto. Kama ni mtu wa katikati, yule ambaye unajiuliza, basi ukijiuliza tu jibu limeshapatikana, sema "habari za jioni" na kichwa kiiname kidogo. Hiyo haijawahi kumkera mtu. Akitaka shikamoo yake atakuonyesha, atakuita "mwanangu" na wewe utashika njia.

Mkono nao usiwahi kwa kila mtu. Hapa kwetu, na zaidi ukienda Zanzibar, Tanga na pwani yote, kuna wanawake wa Kiislamu hawapeani mkono na wanaume na kuna wanaume vile vile hawampi mwanamke mkono, sio dharau. Wewe ni mwanamke kwahiyo kwa wanaume subiri uone mkono wake uko wapi, akiweka kiganja kifuani na wewe weka chako, imeisha. Na glasi ya juisi shika kushoto tangu mwanzo, ili kulia pasiwe pa baridi na majimaji, na pia ili kadi isije ikapokelewa kwa kushoto maana kuna watu hiyo hawaisahau, jina lako watasahau ila mkono wa kushoto watakumbuka.

Sasa kadi. Umegawa 50 jioni moja, hiyo dada ni kugawa vipeperushi. Kadi ina kazi moja kubwa ambayo watu wanaitupa bure: ndo mara ya pili ya jina. Mara ya kwanza jina limekuja kwa sikio na pengine limepotea, mara ya pili linakuja kwa macho, limeandikwa, na mwenyewe amesimama mbele yako na sura yake. Nafasi kama hiyo hairudi tena. Na watu wanafanyaje? Wanapokea wanasema "asante sana" na inaingia kwenye pochi bila kusomwa hata herufi. Ndo maana asubuhi unazimwaga mezani ni kama umeokota za watu barabarani.

Nikuonyeshe inavyotakiwa kwenda. Tuseme yule mama wa suti ni mnunuzi wa bidhaa za chakula kwenye supamaketi na kadi yake imeandikwa Neema Massawe. Amekupa, pokea kwa mkono wa kulia au yote miwili, alafu simama. Isome. Isome kwa sauti, "Neema Massawe", alafu muulize swali hili, ambalo kwangu mimi ndo swali lenye faida kuliko yote jioni hiyo: "nikuite nani?" Maana kadi zetu zina jina la cheti, mtu mwenyewe anaitwa vingine kabisa. Kadi inasema Neema Massawe, yeye atakwambia "mi wamenizoea Mama Brayani", au "niite Neema tu", au "Injinia Massawe". Umepata jina la kweli, umemfanya alitamke tena kwa mdomo wake, na ameona unajali. Mambo matatu kwa maneno mawili.

Alafu ongeza swali moja kwenye jina lenyewe au kwenye kazi, chochote ambacho kitaliweka jina juu ya kitu. Hapa nikupe siri ya kwa nini majina ni magumu kuliko kila kitu kingine. Kuna watafiti Waingereza mwaka 1987 waliwafundisha watu sura na maneno, neno lile lile kwa wengine likawa ni jina la huyo mtu, kwa wengine likawa kazi yake. Likiwa kazi lilikumbukwa, likiwa jina likasahaulika, na neno ni moja. Chukua kwetu, kuna watu ukoo wao ni Mganga. Nikikwambia "yule pale ni mganga", kichwani inakuja picha nzima, vibuyu, mizizi, kilinge, au koti jeupe la hospitali. Nikikwambia "yule anaitwa Bwana Mganga", hakuna picha, ni sauti tu imepita. Jina halining'inii popote mpaka ulitafutie msumari.

Na sisi Watanzania misumari tunayo mingi sana. Massawe, Mushi, Kimaro, hapo umeshafika Kilimanjaro. Majina kama Mwakalinga au Mwakyusa, mara nyingi umefika Mbeya, Tukuyu, migomba na baridi. Rweyemamu ni Bukoba, senene. Ukimwona huyo mama muweke kichwani amesimama kwenye mgomba chini ya mlima na hiyo suti yake, ujinga kabisa lakini ndo unaokaa. Ukiweza mchokoze kidogo, "Massawe wa Kibosho au wa Machame?", mtu akianza kuelezea kwao jina lake haliwezi kukutoka tena. Ila hapa kuwa na macho. Kuna anayependa utani wa makabila na kuna anayeona unamhoji, na kuna aliyeolewa, jina ni la mume na yeye ni Msukuma, na kuna aliyezaliwa Temeke na huko Moshi anaenda Desemba tu. Kama humsomi vizuri, weka msumari kwenye kazi badala ya ukoo: Neema, supamaketi, analia wasambazaji hawana vifungashio vizuri. Inatosha.

Akiondoka ndo kazi ya kukumbuka inaanza, na watu wengi hapa wanarukia mtu mwingine mara moja. Subiri kidogo. Usiangalie kadi. Jiulize, "alikuwa nani?" Likija, sawa, lisipokuja chungulia kadi. Dakika mbili tatu baadaye ukiwa unasogea kwenye meza ya vitafunwa jiulize tena, alafu baada ya robo saa, alafu ukiwa mlangoni unatoka, alafu kwenye bajaji unarudi. Hii ya kujiuliza kwa vipindi vinavyozidi kurefuka walishaipima Landauer na Bjork mwaka 1978, tena kwa majina ya watu, na ikashinda ile ya kurudia rudia haraka haraka kama kasuku. Siri ni kule kulitafuta mwenyewe kichwani. Kulisoma mara kumi kwenye kadi hakukupi kitu kile kile, kunakupa tu hisia kuwa unalijua.

Na uandike nyuma ya kadi. Maneno manne yanatosha: lini, wapi mlisimama, alisema nini, umemwahidi nini. "Alh 12, meza ya juisi, vifungashio, sampuli 2." Usiandike wajihi wake, ntakwambia mwishoni kwa nini. Andikia pembeni, koridoni au ukiwa foleni ya maji, usiandike mbele yake, hasa akiwa mgeni kutoka Japani au China, na ukienda Sabasaba Wachina utawakuta. Mjapani kadi yake anaihesabu kama uso wake, anakupa kwa mikono miwili maandishi yakiwa yameelekea kwako, anategemea uisome, na ukichora kalamu juu yake anaona umemchora yeye. Alafu Mchina jina la ukoo ndo linatangulia, kadi ikisema Wang Wei basi usimwite Bwana Wei, yeye ni Bwana Wang, ila wengine wanageuza kwenye upande wa Kiingereza kwahiyo lile swali letu la "nikuite nani" linakuokoa na hapo pia.

Kidogo kuhusu kadi zako maana naamini zinang'aa. Ukienda kuchapisha Kariakoo kijana atakushawishi uweke laminesheni ya kung'aa pande zote, inapendeza kweli, lakini kalamu haishiki, wino unateleza na unachafua kidole. Maana yake na mwenzio nae akitaka kuandika "siagi ya karanga, yule dada wa kilemba cha njano" hawezi, na wewe ndo umesahaulika. Mwambie nyuma asiweke laminesheni, karatasi ya gramu 300 au 350, saizi milimita 85 kwa 55 ambayo ni karibu sawa na kadi ya benki ili iingie kwenye waleti. Na jina unaloitwa ndo liwe kubwa. Nimeona kadi nyingi nembo imechukua nusu, cheo kirefu kama kichwa cha barua, jina la mtu limejificha kwenye kona. Namba iandike kuanzia +255, ile ya WhatsApp, moja, sio tatu mtu akaanza kubahatisha. Kadi zako zikae mfuko wa kulia, za watu zikae wa kushoto, maana siku moja nilimpa mkurugenzi kadi ya mshindani wake kwa tabasamu kubwa kabisa, na hiyo ndo siku niliyoanza kutenganisha mifuko.

Ila nikwambie ukweli, mbinu zote hizi zina kikomo. Kwa jioni ya saa mbili unaweza kuwafahamu watu sita, nane kama umezoea. Ishirini na tatu hapana, mimi mwenyewe siwezi na ndo kazi yangu. Kwahiyo mara nyingine ukifika nane acha kukusanya, rudi kwa wale wale uwasalimie tena kwa majina, "Neema, ulipata ile juisi?", hiyo mara ya pili ndani ya jioni moja inafunga kazi.

Usiku huo huo, kabla hujalala, toa kadi ulizopata, zifunike upande wa jina kwa kidole, soma ulichoandika nyuma na ujaribu kutaja. Zile ambazo hazina sura kabisa ziweke pembeni bila aibu. Kesho yake asubuhi kabla ya saa sita watumie wale ulioahidi kitu, na kwenye meseji mkumbushe yeye sura yako kabla hujaomba chochote, maana na yeye alikutana na watu 20: "Habari za asubuhi dada Neema, ni yule wa siagi ya karanga, jana tulisimama meza ya juisi ukaniambia shida ya vifuniko kuvuja. Sampuli mbili nitakuletea Jumanne, nimwachie nani?" Basi. Usimtumie katalogi ya picha 14, na usimwingize kwenye grupu lako la wateja, kukupa kadi sio kukupa ruhusa hiyo.

Kwa hizo 23 ulizonazo sasa hivi, waombe waandaaji picha za siku ile, mara nyingi wanazo kwenye grupu, pitia picha na kadi pamoja, utaokoa nne tano. Wengine waandikie kwa ukweli, "tulibadilishana kadi kwenye hafla ya wiki iliyopita, natengeneza siagi ya karanga, naomba unikumbushe wewe unajishughulisha na nini zaidi". Wengi wao na wao hawakukumbuki kwahiyo watashukuru.

Na yule dada wa benki. Ukikwama vile, toa lako kwanza kama yeye hajalitaja, kisha sema wazi, "samahani jina limenitoka, sura ninayo, tulikutana ile hafla". Kusahau jina watu wanasamehe haraka, kujifanya unalijua alafu ukakosea ndo hawasamehi. Kama aibu imezidi, mpe simu yako ikiwa imefunguliwa kwenye sehemu ya kuseivu namba, "niandikie mwenyewe jina na namba", atajiandika. Ule ujanja wa kuuliza jina, akijibu "Neema" unasema "Neema nalijua, nauliza la pili", mi siupendi, kila mtu mjini ameshausikia.

Kwenye kuseivu weka jina, kazi, mahali: "Neema Massawe Supamaketi Hafla". Nilikwambia usiandike wajihi, na sababu ni hii. Kuna bwana nilimseivu "Kitambi Meza ya Juisi" ili nimkumbuke, na kweli nilimkumbuka. Miezi miwili baadaye katibu wake akaniomba namba mpya ya bosi, nikamtumia kontakti WhatsApp moja kwa moja bila kuangalia, na kontakti inaenda na jina vile vile ulivyoiandika kwenye simu yako. Akanijibu, "Asante, nimempata Kitambi."